"Bukingi tunaiona, tiketi hatuioni": kuhamishiwa shirika jingine ndege inapofutwa

*"Nilikata tiketi ya kwenda na kurudi Dar–Guangzhou kwa wakala wa mjini. Siku ya safari nilishapewa pasi ya kupandia ndege na mizigo yangu miwili imeshapita, saa nne usiku tukatangaziwa ndege imefutwa. Dawatini nikapewa karatasi kwamba nimehamishiwa shirika jingine, kesho yake saa kumi na nusu jioni. Nilipofika kaunta ya shirika hilo wakaniambia, 'Bukingi tunaiona, tiketi hatuioni.' Kaunta ya shirika langu ilikuwa haijafunguliwa. Wakala akaniambia kwa simu kuwa tiketi imeandikwa NON-END, kwa hiyo haihamishiki. Ndege ikaniacha, nikaja kuondoka siku iliyofuata na shirika langu lile lile. Nani alikosea, na likitokea tena nifanyeje?"*

Pole sana kwa yaliyokukuta. Kaunta ya shirika la pili walikuambia kweli tupu. Wakala naye alisoma maneno yaliyopo kwenye tiketi yako, ila akayapa maana ambayo haihusiki na ndege iliyofutwa na shirika lenyewe. Kilichoharibika kiko katikati yao: usiku ule siti yako ilihamishwa, tiketi yako ikabaki ilipokuwa. Na nina sababu ya kuamini kwamba kilichoizuia ni ile pasi ya kupandia ndege uliyokuwa nayo mkononi. Nitalifikia hilo.

Tuanze na tofauti ya bukingi na tiketi, maana hapo ndipo abiria wengi wanapopotea. Bukingi ni ombi la siti. Ina kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita, na mfanyakazi wa shirika lako anaweza kukufungulia bukingi ndani ya ndege ya shirika jingine kwa dakika mbili akiwa amekaa palepale dawatini. Tiketi ni malipo. Basi likiharibika Chalinze, konda hutoa pesa mfukoni akamlipa konda wa basi linalofuata, abiria wakapanda. Kwenye ndege hakuna anayempa mwenzake pesa kaunta. Shirika la pili litakubeba likiona tiketi ambayo baadaye litaidai kwa shirika la kwanza. Lisipoiona, kwake wewe ni mtu mwenye siti ambayo hakuna aliyeilipia.

Tiketi yenyewe ni namba ya tarakimu 13 iliyohifadhiwa kwenye kompyuta za shirika lililoitoa. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika hilo: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 235 Turkish, 197 Air Tanzania. Chini ya namba hiyo kuna kuponi, moja kwa kila ndege utakayopanda. Safari yako ya kwenda na kurudi kwa kuunganisha ndege njiani ina kuponi nne: Dar hadi kitovu cha shirika, kitovu hadi Guangzhou, kisha mbili za kurudi. Kila kuponi ina hali yake, na hali hiyo ndiyo mhudumu anayoitazama kwenye skrini. OPEN FOR USE maana yake iko huru, inaweza kutumika au kubadilishwa. CHECKED IN maana yake umeshapokelewa kwa ajili ya ndege fulani. AIRPORT CONTROL maana yake imeshikwa na shirika linaloendesha ndege hiyo na wengine hawaigusi. Kuna EXCHANGED kwa iliyobadilishwa na kuwa tiketi nyingine, na REFUNDED kwa iliyorudishiwa pesa.

Sasa hiyo NON-END. Zamani tiketi zilipokuwa za karatasi, ukitaka kupanda shirika jingine ulikwenda ofisi ya shirika lililoandikwa kwenye kuponi, nalo likapiga muhuri wa kuruhusu kuponi hiyo itumike kwingine. Kwa muhuri huo lilikuwa linaachia haki yake ya kukubeba pamoja na mapato ya safari hiyo. Ndiyo idhini ambayo mawakala mpaka leo wanaiita endosimenti. Tiketi za karatasi ziliondolewa katika mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, tarehe 1 Juni 2008, lakini kisanduku cha maneno ya endosimenti kimebaki kwenye tiketi ya kielektroniki, na humo ndimo wanamoandika NON-END, NON-REF yaani hairudishiwi pesa, na masharti mengine ya nauli nafuu.

Masharti hayo yanakufunga wewe abiria. Ukiamka asubuhi ukasema hutaki shirika hili, unataka lile linaloondoka mapema, NON-END inakukatalia. Haiwezi kulifunga shirika lililotoa tiketi lisihamishe abiria wake baada ya kufuta ndege yake lenyewe, kwa sababu idhini ni ya shirika na ndilo linaloitoa. Mabadiliko yakiwa ya lazima, yaani hayakutoka kwako, shirika hutoa tiketi mpya bila kukutoza, na ndani ya kile kisanduku huandika INVOL pamoja na sababu. Neno hilo moja ndilo linalowaambia wote watakaoisoma tiketi kwamba masharti ya nauli yamewekwa kando kwa safari hii. Wakala wako alipaswa kukuuliza kwanza nani amefuta ndege.

Hilo halimaanishi kwamba shirika lolote linaweza kukupeleka kwa lolote. Mashirika mawili lazima yawe na makubaliano ya kupokeleana tiketi, yanayoitwa intalaini, na kompyuta zao ziwe zimeunganishwa ili moja lione kuponi zilizotolewa na jingine. Mashirika makubwa yanayotua Dar mengi yana makubaliano ya namna hii, lakini si kila mmoja na kila mmoja. Mashirika mengi ya bei nafuu hayana kabisa, na ndiyo maana ndege ya bei nafuu iliyo wazi mbele ya macho yako inaweza isiwe chaguo hata kama ina siti tupu. Kuwa kwenye kundi moja husaidia, kama Ethiopian na Turkish walivyo Star Alliance au Kenya Airways na KLM walivyo SkyTeam, ila kundi peke yake si amri ya kumbeba abiria wa mwenzako.

Kuna na suala la pesa, ambalo wahudumu hawalisemi. Shirika la pili likikubeba hupeleka dai lake, na mashirika mengi humalizana kupitia ofisi ya IATA ya kusawazisha madeni iliyoanza kazi mwaka 1947. Kiasi linacholipwa ni kile walichokubaliana wao kwa wao, si bei unayoiona ukitafuta tiketi ya kesho mtandaoni. Kama siti hiyo linaweza kuiuza kwa bei ya juu dakika za mwisho, halina hamu ya kuitoa. Kwa hiyo "kuna siti" kwenye simu yako na "kuna siti kwa ajili ya abiria waliohamishwa" ni mambo mawili. Ukimwonyesha mhudumu skrini ya simu yako, umemsaidia kujua pa kutafuta. Hujathibitisha kwamba siti hiyo anaipata.

Twende kwenye usiku wako. Ili ile karatasi iwe na maana, kazi tano zilitakiwa kufanyika.

Kwanza, shirika lako lilitakiwa kukutoa kwenye orodha ya waliopokelewa kwa ndege iliyofutwa, ili kuponi yako ya kwanza itoke CHECKED IN irudi OPEN FOR USE. Pili, kukufungulia bukingi mpya kwenye ndege ya shirika la pili na kusubiri ijibiwe HK, yaani imethibitishwa. Tatu, kutoa tiketi mpya: kuponi nne za zamani zote zinageuka EXCHANGED, na mahali pake zinazaliwa kuponi nne mpya. Mbili za mwanzo zinaandikwa ndege za shirika la pili, mbili za kurudi zinabaki kwa shirika lako kama zilivyokuwa. Nne, namba ya tiketi mpya kutumwa kwenye bukingi iliyoko kwa shirika la pili, ambako huonekana kwenye mstari wenye herufi TKNE. Tano, shirika la pili kuomba na kupewa udhibiti wa kuponi ya kwanza ili liweze kukupokea.

Kwako wewe, hatua ya pili ilifanyika. Ile ya kwanza karibu nina hakika haikufanyika. Ndege inapofutwa mapema, abiria hawajaanza kupokelewa na kuponi zote ziko huru, kuzibadilisha ni kazi nyepesi. Inapofutwa abiria wameshapewa pasi, kuponi zinakuwa zimefungwa kwenye ndege ile, na haziachii mpaka mtu mwenye mamlaka kwenye mfumo wa uwanjani awatoe abiria wote na kuifunga ndege hiyo kama iliyofutwa. Anayetoa tiketi, ambaye mara nyingi amekaa makao makuu ya shirika katika nchi nyingine, akijaribu kuibadilisha kabla ya hapo mfumo unamkatalia. Anaiweka foleni arudi baadaye. Anayekuhudumia pale Jengo la Tatu la JNIA huenda ni mwajiriwa wa kampuni ya huduma za uwanjani, si wa shirika, na hana ruhusa ya kutoa tiketi. Yeye amekufungulia siti, ameona HK, amekuchapia karatasi. Kwa upande wake kazi imekwisha. Kule foleni bado inasubiri, na kesho yake saa nane mchana wewe umesimama kaunta ya watu wengine.

Ndiyo sababu swali la kuuliza dawatini usiku uleule halipaswi kuwa "nimehamishwa?" Uliza hivi: "Naomba namba ya tiketi mpya." Ukipewa kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita, hiyo ni bukingi. Unataka tarakimu 13, na unataka ziwe tofauti na zile ulizokuwa nazo. Abiria wengine hushtuka wakiona tarakimu tatu za mwanzo bado ni za shirika la kwanza wakati ndege ni ya shirika la pili. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu aliyetoa tiketi na atakayeilipa ni yule yule wa mwanzo.

Uliza pia kumbukumbu ya bukingi kwenye mfumo wa shirika la pili, maana kila shirika lina yake na ile ya shirika lako huenda isisomeke kwao. Ukishaipata, ingia kwenye tovuti au programu ya shirika la pili, fungua safari yako kwa kumbukumbu hiyo na jina la ukoo. Safari ikifunguka na ikakuruhusu kujipokea mtandaoni, tiketi imefika. Ikifunguka lakini ikakuambia hakuna tiketi, au ikakupa kitufe cha kulipia, bado uko pale ulipokuwa siku ile, tofauti ni kwamba sasa umejua ukiwa na saa kumi na kitu mkononi badala ya mbili. Piga simu kituo cha huduma cha shirika la kwanza usiku huohuo na sema maneno haya haya: "Siti yangu imehamishwa, tiketi haijatolewa upya, naomba kuponi ya kwanza iachiwe kutoka CHECKED IN." Ukisema hivyo ni rahisi zaidi simu yako kupelekwa kwa watu wa tiketi.

Usiahirishe hili hadi asubuhi kwa sababu nyingine pia. Bukingi isiyopelekewa namba ya tiketi ina muda wake. Mfumo wa shirika la pili hukagua siti zisizo na tiketi na kuzifuta wenyewe, na abiria anafika uwanjani hana hata hiyo bukingi.

Ipo njia ya pili, ya zamani kidogo, ambayo bado inaokoa watu pale mifumo inapogoma. Ni hati iitwayo FIM, orodha ya karatasi ambayo shirika lililofuta ndege huijaza kwa niaba ya abiria wake: majina, namba za tiketi, ndege iliyofutwa, ndege mpya na sababu. Shirika la pili likiikubali, huipokea badala ya tiketi na huitumia karatasi hiyo kudai malipo. Hapo hutapewa tarakimu 13 mpya, na si kosa. Lakini karatasi hiyo lazima iwe FIM yenyewe, yenye namba yake na sahihi ya shirika lako, na lazima ifike mikononi mwa kaunta ya shirika la pili. Ratiba iliyochapishwa kwenye karatasi nyeupe, kama uliyopewa wewe, si FIM hata ikiwa na muhuri. Na siyo mashirika yote yanayoikubali siku hizi, kwa hiyo mwambie mhudumu awapigie wenzake kwanza.

Kuhusu wakala wako, ana nafasi yake, ila nafasi hiyo inategemea saa. Ndege ikifutwa siku kadhaa kabla ya safari, wakala ndiye mtu wa kwanza kumpigia, maana tiketi iko mikononi mwake na anaweza kuibadilisha baada ya kupata idhini ya maandishi kutoka kwa shirika. Anaiogopa kazi hiyo, na ana sababu: akitoa tiketi upya bila idhini iliyo wazi, shirika humwandikia deni la tofauti ya nauli. Usimlaumu akikataa kuigusa kabla hajapata jibu. Lakini ukishaanza kupokelewa uwanjani, kuponi imeshikwa na shirika na wakala anaitazama tu kama wewe. Saa nne usiku ule, hata angetaka, asingeweza.

Kitu kimoja ambacho wakala anaweza kukuumiza nacho bila kukusudia ni kuanza kukurudishia pesa. Abiria akikasirika husema "nirudishieni hela yangu" huku bado anatafutiwa ndege. Kuponi zikishageuka REFUNDED hakuna tena cha kuidhinisha, na wewe unabaki mnunuzi mpya kwa bei ya siku hiyo. Amua moja: safari au pesa. Ukichagua safari, waambie wote wawili, shirika na wakala, kwamba hujaomba kurudishiwa chochote.

Mizigo nayo ina tiketi yake. Lebo uliyobandikiwa ina tarakimu kumi, na ndani yake mna namba ya shirika pamoja na njia mizigo itakayopita. Ndege ikifutwa, mizigo hurudishwa ukumbini, au hubaki stoo ya uwanja ikisubiri ndege ya shirika lako. Usikubali kuambiwa "itakufuata" bila kujua ilipo. Iombe, ichukue, ipeleke mwenyewe kaunta ya shirika la pili upewe lebo mpya. Mzigo wenye lebo ya zamani haujui kwamba wewe umebadilisha njia. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo huwa na hofu nyingine: tiketi yao ina 2PC, vipande viwili, na shirika la pili huruhusu pungufu. Kwa kawaida ya mashirika, abiria aliyehamishwa kwa lazima hubaki na haki ya mizigo aliyoilipia mwanzo. Hakikisha 2PC imeandikwa kwenye tiketi mpya, maana mhudumu wa kaunta hufuata anachokiona kwenye kuponi, na kubishana naye kuhusu tiketi ya zamani hakumsaidii kukupa.

Safari ya kurudi watu huisahau mpaka wanapofika Guangzhou na kuambiwa hawapo. Husababishwa na jambo moja: shirika lako halikukuona kwenye ndege ya kwenda, mfumo ukakuhesabu kama mtu aliyekosa safari kwa hiari, ukafuta zilizobaki. Tiketi ikiwa imetolewa upya sawasawa, kuponi ya tatu na ya nne zitaonekana chini ya namba mpya zikiwa OPEN FOR USE na siti zake HK. Kagua kabla hujaondoka Dar. Kuirekebisha ukiwa Guangzhou kwa ofisi isiyojua kilichotokea huku ni kazi nzito.

Je, kuhamishiwa shirika jingine ndilo jambo bora kila mara? Hapana. Shirika lako likiwa na ndege kila siku na likakuhakikishia siti ya kesho usiku, na hoteli juu yake, kubaki nalo mara nyingi ndiyo njia salama: tiketi haibadiliki sana, mizigo haihami na kurudi kwako hakuguswi. Hata kwako wewe, uhamisho ule ungekutanguliza kwa saa chache tu mbele ya abiria aliyesubiri ndege ya kesho usiku. Pigania kuhamishwa pale kusubiri kunapozidi siku moja au mbili, au una tarehe isiyosogea: maonyesho ya bidhaa, hospitali, mtihani, viza inayokwisha. Na kabla hujasema ndiyo, tazama njia mpya inapita wapi. Kubadilisha ndege ndani ya uwanja mmoja kwa kawaida si tatizo, lakini njia inayokutaka uhame kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, au upite viwanja viwili vya nchi za Schengen kwa safari moja, inahitaji viza ambayo huenda huna. Shirika la pili litakukatalia kaunta na litakuwa na haki.

Kisheria, usidanganywe kwamba lazima uhamishwe. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kifungu cha 19 kinalifanya shirika liwajibike kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua hatua zote zilizohitajika kwa busara, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Kikomo chake tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, nayo hulipwa kwa hasara uliyoithibitisha kwa risiti. Mkataba huo hausemi popote kwamba upewe siti ya shirika jingine. Haki hiyo iko kwenye masharti ya usafirishaji ya shirika lenyewe, kwa mashirika mengi Kifungu cha 9: kusafirishwa na ndege yao inayofuata yenye nafasi, au kupelekwa kwa njia nyingine na wao au shirika jingine, au kurudishiwa pesa. Yachapishe, uende nayo. Anayeondoka Dar na shirika la Ulaya kama KLM kwenda Ulaya, au anayeondokea Ulaya na shirika lolote, ana nguvu zaidi: kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamtaka mwendeshaji amfikishe abiria mapema inavyowezekana.

Jambo la hatari ni kununua mwenyewe tiketi ya shirika jingine ukitegemea utarudishiwa. Usifanye hivyo kabla ya kupata maandishi, hata ujumbe mfupi wa barua pepe, kwamba shirika lako litalipa na kwamba kuponi za kurudi zimelindwa. Bila maandishi hayo umejitoa mwenyewe kwenye safari.

Kwa hili lililokwisha kupita, bado unaweza kudai. Nenda ofisi ya mjini ya shirika lako na namba ya tiketi ya zamani, pasi ya kupandia ya ndege iliyofutwa, ile karatasi ya dawatini na risiti za hoteli, teksi na chakula. Waombe wakuchapie historia ya tiketi: itaonyesha kuponi ya kwanza ilikuwa katika hali gani usiku ule na tiketi ilijaribiwa kutolewa saa ngapi. Ikionekana ilibaki CHECKED IN mpaka ndege ya pili ikaondoka, una ushahidi kwamba uhamisho ulioahidiwa haukukamilishwa na wao. Andika madai yako kwa shirika kwanza, uwe na nakala iliyopokelewa. Wakikaa kimya au wakikataa bila kujibu hoja hiyo, peleka jalada lote Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, makao yake yako Banana, Ukonga, au Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Usiache muda mrefu upite: chini ya Mkataba wa Montreal kesi ya fidia lazima ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Safari ijayo, kabla hujatoka nyumbani kwenda Jengo la Tatu, piga picha ya tiketi yako yenye tarakimu 13 na kuponi zote nne uihifadhi kwenye simu. Ikifutwa tena, fika dawatini na namba hiyo na ubaki pale mpaka upewe mpya au FIM. Na ikilazimu kulala, kesho yake uwe uwanjani kaunta ya shirika la pili inapofunguliwa, yaani kama saa tatu kabla ya ndege. Kaunta nyingi za safari za nje hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, na tiketi iliyokwama huchukua nusu saa kukwamuliwa ikiwa mtu mwenye mamlaka anapatikana kwenye simu. Ukifika dakika 70 kabla, hata wakitaka kukusaidia muda hautoshi.